Kuta Mbili za Sentensi: Kwa Nini Kitenzi cha Kijerumani Hungoja Mwisho

Katika njia kuu ya mji wa Lamu kuna nyumba ambayo Wajerumani waliifanya posta yao kuanzia 1888 hadi 1891. Siku hizi ni makumbusho madogo, na vijana wanaotembeza wageni huwasimamisha watu hapo mlangoni kabla ya kuendelea na safari ya vichochoroni. Mmoja wao, ambaye jioni huja kujifunza Kijerumani kwangu, aliniletea daftari akiwa ameandika sentensi aliyotaka kuwaambia wageni wakifika pale:

Sie können sehen hier die alte deutsche Post.

Alikusudia kusema, "Hapa mnaweza kuona posta ya zamani ya Wajerumani." Maneno yake yote yalikuwa sahihi. Hata deutsche alikuwa ameiandika kwa herufi ndogo, jambo linalowashinda wengi. Kosa lilikuwa moja tu: sehen, yaani "kuona", ilikuwa imekaa mahali pasipo pake. Mjerumani angesema:

Sie können hier die alte deutsche Post sehen.

Nilipolihamisha neno hilo kwa kalamu nyekundu akaniuliza, "Maalim, mbona kitenzi kimekimbilia mwisho?" Ni swali zuri, na jibu nililompa siku ile, kwamba ndiyo kanuni yao, halikumsaidia. Juma lililofuata alirudi na kosa lile lile ndani ya sentensi nyingine. Ndipo nikaanza kuziangalia upya karatasi za mazoezi ninazowagawia, zile za kupanga maneno yaliyochanganywa, nikagundua kwamba zenyewe ndizo zilizokuwa zikimfundisha kosa.

Tuanze na kanuni. Kijerumani kina vitenzi saidizi sita ambavyo mwanafunzi hukutana navyo katika miezi ya mwanzo: können (kuweza), müssen (kulazimika), wollen (kutaka), dürfen (kuruhusiwa), sollen (kupaswa, hasa kwa kuagizwa na mwingine) na möchten, ambayo ndiyo namna ya adabu ya kusema "ningependa". Kitenzi cha namna hii huja na mwenzake, kitenzi kikuu, ambacho hubaki katika umbo lake la kamusi bila kubadilika. Umbo hilo ni sawa na letu la "ku-": kuona, kusoma, kulala. Sisi huliita kitenzijina, na kwa Kijerumani huishia kwa -en au -n.

Sisi tunapotumia vitenzi hivi viwili, tunaviandamanisha. Naweza kuona. Nataka kwenda. Huenda ukatia neno dogo katikati, kama "naweza pia kuona", lakini zaidi ya hapo sikio la Mswahili hukataa. Hatusemi "naweza posta ya zamani ya Wajerumani kuona". Mjerumani, kinyume chake, huvitenganisha viwili hivyo kwa makusudi. Kitenzi saidizi hukaa nafasi ya pili, kitenzijina hukaa mwisho, na mengine yote, yaani lini, na nani, wapi, kitu gani, huingia katikati yao. Wenyewe huliita jambo hili Satzklammer: Satz ni sentensi, na Klammer ni kibanio, au mabano.

Darasani situmii kibanio. Natumia chumba cha nyumba ya Lamu, kwa kuwa kila mwanafunzi amelala ndani yake. Fundi wa nyumba zetu za mawe hupandisha kuta mbili zinazotazamana, kisha hulaza boriti za mikoko juu yake. Ukuta mmoja peke yake haushiki boriti, na ukizisogeza kuta mbili hadi zigusane huna chumba. Sentensi ya Kijerumani yenye kitenzi saidizi ina kuta mbili. Können ni ukuta wa kwanza, sehen ni ukuta wa pili, na hier die alte deutsche Post ndicho chumba chenyewe pamoja na vyombo vyake. Kijana wangu alikuwa amezibandika kuta mbili pamoja, akaweka vyombo vyote nje uani.

Mfano huo unakomea mahali, na nitafika hapo. Kwanza nieleze jinsi karatasi ya mazoezi inavyoweza kumpotosha mtu hata akiwa makini.

Karatasi ya kwanza ya somo hili, karibu kila mahali, huwa na sentensi fupi sana. Mwalimu anahofia kumtisha mwanafunzi, basi anampa maneno matatu na kumwambia ayapange:

kann / Ali / schwimmen

Mwanafunzi anaandika Ali kann schwimmen, "Ali anaweza kuogelea", na anapewa alama ya vema. Chini yake kuna Amina möchte lesen, kisha Wir müssen arbeiten. Anapata kumi kwa kumi. Sasa jiulize amejifunza kanuni gani. Amejifunza kwamba kitenzi cha pili hufuata mara tu baada ya cha kwanza, na hiyo ndiyo kanuni ya Kiswahili aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Ndiyo pia kanuni ya Kiingereza aliyofundishwa shuleni. Lugha mbili anazozijua zimemwambia jambo moja, na karatasi ya Kijerumani ikaja kuwa shahidi wa tatu. Katika sentensi ya maneno matatu, kanuni ya kweli na kanuni ya uongo hutoa jibu moja, kwa hiyo karatasi haiwezi kumgundua aliyekosea.

Ongeza neno moja tu na mambo yanabadilika:

kann / Ali / gut / schwimmen

Hapa njia zinaachana. Mwenye kanuni ya kweli ataandika Ali kann gut schwimmen. Mwenye kanuni ya uongo ataandika Ali kann schwimmen gut, na papo hapo mwalimu anajua. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza sitoi tena sentensi ya maneno matatu. Kila sentensi lazima iwe na kitu katikati, hata kama ni heute (leo) au hier (hapa) tu. Chumba kisiwe kitupu. Nimeona mabadiliko makubwa kwa hatua hii moja kuliko kwa maelezo yote niliyowahi kuandika ubaoni.

Baadaye unaweza kukirefusha chumba kwa hatua, ukiacha kuta mahali pake. Mimi huwaandikia hivi, mstari chini ya mstari, wazione kuta zikizidi kuachana:

Ali kann gut schwimmen.
Ali kann heute schwimmen.
Ali kann heute im Meer schwimmen.
Ali kann heute mit Omar im Meer schwimmen.

Mstari wa mwisho una maana ya "Leo Ali anaweza kuogelea baharini pamoja na Omar." Angalia kwamba msikilizaji Mjerumani hajui Ali ataweza kufanya nini hadi neno la mwisho kabisa. Angeweza kuwa anavua samaki, au anapiga makasia. Kwa sababu hiyo Mjerumani amezoea kungoja, na ukimpa kitenzi mapema, kama alivyofanya kijana wa posta, atakuelewa lakini atahisi sentensi imefungwa kabla ya wakati, kisha maneno yakaendelea kumwagika.

Sasa tuichukue sentensi moja tuipange kwa undani, maana katika kupanga ndipo maswali yote hujitokeza. Karatasi inatoa vikadi vitano:

morgen / arbeiten / ich / im Hotel / muss

Kwanza tafuta vitenzi. Viko viwili, arbeiten (kufanya kazi) na muss (lazima). Kipi kimenyambuliwa kulingana na mtendaji? Muss, ambayo inakwenda na ich, "mimi". Kwa hiyo muss ni ukuta wa kwanza. Arbeiten iko katika umbo la kamusi, kwa hiyo ni ukuta wa pili, iende mwisho. Sasa vikadi vilivyobaki ni vitatu: ich, morgen (kesho) na im Hotel (hotelini). Kimoja kati ya hivyo kitatangulia mbele ya muss, na viwili vitaingia chumbani. Kipi kitangulie? Chochote katika hivyo vitatu:

Ich muss morgen im Hotel arbeiten.
Morgen muss ich im Hotel arbeiten.
Im Hotel muss ich morgen arbeiten.

Zote tatu ni sahihi. Ya kwanza ni ya kawaida, ya pili inasisitiza siku, ya tatu inasisitiza mahali. Na ikiwa karatasi haikuweka alama ya mwisho, ipo hata ya nne, ambayo ni swali: Muss ich morgen im Hotel arbeiten? Katika swali la namna hii hakuna kinachotangulia, ukuta wa kwanza unasimama mlangoni kabisa. Tazama kilichobaki palepale katika zote nne. Arbeiten haikusogea hata mara moja, na muss haikusogea isipokuwa katika swali. Vilivyokuwa vikihama ni vyombo tu.

Hapa kuna jambo ambalo waandishi wa karatasi hulisahau. Sentensi yenye vikadi vitano ina majibu matatu au manne, lakini ukurasa wa majibu una jibu moja. Mwanafunzi aliyeandika Morgen muss ich im Hotel arbeiten anakutwa na alama ya kosa kwenye jibu lililo sahihi, na anachohitimisha ni kwamba sentensi lazima ianze na mtendaji. Hilo litamsumbua kwa miaka. Dawa ni rahisi: mwalimu akitaka jibu moja, apigie mstari neno la kuanzia. Kama hataki kupigia mstari, akubali yote.

Sentensi ya pili katika zile inastahili kusimamiwa kidogo, kwa kuwa ndiyo inayowaangusha wasemaji wa Kiswahili. Wanafunzi wangu wengi huandika Morgen ich muss im Hotel arbeiten. Wanatuma kesho mbele na kuacha mtendaji mahali pake. Sababu iko katika lugha yetu. Tukisema "Kesho nitafanya kazi", mtendaji ni "ni-", naye amo ndani ya kitenzi, hatoki wala haingii. Hatujawahi kuhitaji kumhamisha. Kwa Kijerumani mtendaji ni neno linalojitegemea, na kiti cha mbele ya kitenzi ni kimoja. Morgen ikikalia kiti hicho, ich inaondoka na kwenda upande wa pili wa ukuta. Kitenzi hakimpishi mtu.

Lakini kiti kimoja si neno moja, na hili ni fundo jingine. Wanafunzi wakiambiwa "nafasi ya pili" huhesabu kwa kidole: neno la kwanza, neno la pili. Wakifika kwenye Mein kleiner Bruder, "mdogo wangu wa kiume", wanaandika Mein muss kleiner Bruder na kubaki wakishangaa. Nafasi ya pili ni fungu la pili. Mein kleiner Bruder ni maneno matatu lakini ni fungu moja, kwa kuwa ni mtu mmoja. Njia ninayowapa ya kupima ni kujaribu kulibadilisha fungu zima kwa neno moja dogo. Mein kleiner Bruder inageuka er, "yeye". Morgen um sechs Uhr, "kesho saa kumi na mbili", inageuka dann, "hapo". Kwa kuwa naweza kusema Dann muss ich nach Mokowe fahren, naweza pia kusema Morgen um sechs Uhr muss ich nach Mokowe fahren. Maneno manne yamekalia kiti kimoja kabla ya muss, na fahren, "kusafiri", inangoja mwisho kama kawaida. (Ndiyo, sechs ni sita kwa saa yao. Tofauti ya saa zetu na zao huharibu mazoezi mengi mazuri, na kila mara inabidi niwakumbushe.)

Tugeukie umbo la ukuta wa pili. Kuna makosa mawili ambayo huyaona katika madaftari, na kila moja lina asili yake.

La kwanza ni kunyambua vitenzi vyote viwili: Ich muss gehe badala ya Ich muss gehen. Nilishangaa kuona kwamba kosa hili hujitokeza sana na müssen, lakini mara chache na können. Nikakaa nikalifikiri. Tunasema "naweza kwenda", na hapo kitenzi cha pili kina "ku-" yake. Lakini tunasema "lazima niende". Neno lazima halina mtendaji ndani yake, mtendaji anakaa kwenye kitenzi cha pili, niende, uende, aende. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili anatafsiri niende, naye kwa uaminifu kabisa anaandika gehe. Kwa hiyo siku hizi nikifundisha müssen sitafsiri kwa "lazima". Natumia "kulazimika": nalazimika kwenda. Si Kiswahili kitamu sana, lakini "ku-" inarudi mahali pake na kosa linapungua.

La pili ni kutia zu mbele ya kitenzijina: Ich möchte zu lernen. Mwanafunzi ameona kwamba Kijerumani kina kineno zu ambacho mahali pengine hutangulia kitenzijina, na kwa kuwa sisi tuna "ku-" na Waingereza nao wana kineno chao, anaona ni haki. Pamoja na hivi vitenzi sita, zu haiingii kamwe. Umbo la -en lenyewe ndilo "ku-" yao.

Kuna vitenzi vinavyovunjika vipande, na hapa mfano wa kuta unalipa gharama yake. Anrufen ni kupiga simu. Katika sentensi ya kawaida kitenzi hiki hukatika: Ich rufe dich morgen an, "nitakupigia simu kesho". Rufe imekaa nafasi ya pili na an imetupwa mwisho. Ukileta können, vipande vinaungana tena na kukaa mwisho: Ich kann dich morgen anrufen. Kumbe mahali pale pa mwisho palikuwa na mwenyewe tangu mwanzo. An ilikuwa pale, sasa anrufen nzima iko pale. Mwanafunzi akifika kwenye wakati uliopita atakuta hivyo hivyo: Ich habe gestern im Hotel gearbeitet, "jana nilifanya kazi hotelini", kuta ni habe na gearbeitet. Kwa hiyo mtu anayeelewa chumba hiki sasa hatajifunza sheria mpya baadaye, atabadilisha tu jiwe la ukuta. Kosa la kulitazamia ni Ich muss um fünf Uhr stehen auf. Sahihi ni Ich muss um fünf Uhr aufstehen, "nalazimika kuamka saa kumi na moja". Kosa hilo lina faida yake kwa mwalimu, maana linaonyesha kwamba mwanafunzi ameshajua kuvunja, bado hajajua kuunganisha.

Sasa nicht, neno la kukanusha. Mahali pake si pagumu: katika sentensi za mwanzo hukaa chumbani, mara nyingi karibu na ukuta wa pili. Ich kann heute nicht kommen, "leo siwezi kuja". Ugumu uko katika maana, na unaweza kumletea mtu fedheha kazini. Chukua kijana anayetembeza wageni akifika msikitini. Anataka kuwaambia mambo mawili, wavue viatu na wasipige picha. La kwanza analipata: Sie müssen hier die Schuhe ausziehen. Ausziehen, kuvua, imeungana na kukaa mwisho, vizuri kabisa. La pili analijenga kwa kufuata la kwanza, akifikiri "ni lazima msipige picha":

Sie müssen hier nicht fotografieren.

Kwa mpangilio sentensi haina kasoro. Lakini nicht hapa inamkanusha müssen, kwa hiyo mgeni anasikia "si lazima mpige picha hapa", yaani anayetaka apige na asiyetaka aache. Anatoa simu na kupiga. Kijana anamwona ni mjeuri, naye mgeni hajui alilokosa. Makatazo kwa Kijerumani hutumia dürfen: Sie dürfen hier nicht fotografieren, hamruhusiwi kupiga picha hapa. Kiswahili chetu kinaweza kutofautisha "si lazima upige" na "lazima usipige" bila shida, kwa kuwa tuna mahali pawili pa kutia ukanusho. Na hasa waliopitia Kiingereza hunaswa hapa, kwa kuwa Kiingereza kina neno linalofanana na muss ambalo likikanushwa huwa katazo. Mimi huwaambia wapitie Kiswahili moja kwa moja: nicht müssen ni "si lazima", nicht dürfen ni "hairuhusiwi". Njia ya mzunguko ndiyo inayopoteza.

Kuhusu karatasi yenyewe, jinsi ilivyoandikwa kwa mkono au kupigwa chapa ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Nyingi zinazozunguka kwa fotokopi zina vikadi kama hivi: kann / heute / Ich / kommen. / nicht. Ich ina herufi kubwa, kommen ina nukta. Mwanafunzi mwerevu haangalii Kijerumani hata kidogo. Anaweka chenye herufi kubwa mwanzo na chenye nukta mwisho, sehemu ngumu imekwisha. Kwa hiyo mimi huondoa nukta na kushusha herufi kubwa, isipokuwa kwenye majina ya vitu, ambayo Kijerumani huyaandika kwa herufi kubwa popote yalipo, na kwenye Sie ya heshima. Baada ya hapo herufi kubwa yenyewe inakuwa mtego wa haki: im Hotel ina H kubwa lakini si lazima ianze sentensi.

Jambo jingine ni wir, "sisi". Pamoja na wir kitenzi saidizi huishia kwa -en, kama kitenzijina: Wir müssen morgen arbeiten. Kwa jicho la mgeni vitenzi vyote viwili vinafanana, haoni kipi kimenyambuliwa. Karatasi ya kwanza afadhali iwe na ich na er, ambapo kann, muss, will na darf zinaonekana wazi kuwa ni watu wengine. Na hapo pia mwanafunzi ataona jambo linalovitenga vitenzi hivi na vitenzi vya kawaida, kwamba ich na er hutumia umbo moja lisilo na mkia wa -t: ich kann, er kann. Atakayeandika er kannt ameufuata mkia wa vitenzi vya kawaida.

Juu ya karatasi mimi huchora visanduku vinne vikiwa mstari mmoja: kiti cha mbele, ukuta, chumba kirefu, ukuta. Mwanafunzi anaandika kuta mbili kwanza, kabla ya neno lingine lolote. Mpangilio huo wa mkono una sababu. Anayeandika kutoka kushoto akifika kwenye kann, mazoea yanamvuta aandike kitenzi cha pili. Akiwa ameshakiandika mwisho wa mstari, mazoea hayana cha kushika.

Nilisema mfano wa chumba unakomea mahali. Neno "mwisho" ni mwisho wa kishazi, si lazima mwisho wa sentensi. Ich kann heute nicht kommen, aber ich kann dich morgen anrufen, "leo siwezi kuja, lakini naweza kukupigia kesho". Hivi ni vyumba viwili, kila kimoja na kuta zake, na aber ni mlango baina yao. Anayedhani mwisho ni nukta atajaribu kuvipeleka vitenzijina vyote viwili kwenye nukta. Pia kuna kinachoweza kuachwa nje ya ukuta wa pili, hasa ulinganisho: Ali kann besser schwimmen als ich, "Ali anaweza kuogelea vizuri kuliko mimi". Als ich iko barazani. Na mara nyingine ukuta wa pili haupo kabisa kwa kuwa unaeleweka: Ich muss nach Hause, lazima niende nyumbani, bila "kwenda". Ich möchte einen Tee. Hizi si makosa, na karatasi isiziingize kabla mwanafunzi hajazoea kuta mbili.

Kisha kuna weil, "kwa sababu", ambayo hugeuza yote: weil ich im Hotel arbeiten muss. Muss imehama kutoka nafasi ya pili hadi mwisho kabisa, ikapita hata arbeiten. Hilo ni la ngazi inayofuata. Nalitaja kwa kuwa mwanafunzi atalisikia mapema kwa wageni na kudhani kwamba nilimdanganya.

Kwa wanaojiandaa na mtihani wa A1, yaani ngazi ya kwanza ya Kijerumani, wa Taasisi ya Goethe, wengi wao wakiwa wanamfuata mwenzi wa ndoa Ujerumani, hili lina mahali pake maalumu. Katika sehemu ya tatu ya mazungumzo mtahiniwa huokota kadi yenye picha na kuomba jambo linalohusu picha hiyo. Akipata glasi, anaweza kusema Können Sie mir bitte ein Glas Wasser bringen? Ukuta wa kwanza uko mlangoni, bringen iko mwisho, na katikati kuna mambo manne ya kushika kichwani bila kukidondosha kitenzi. Katika uandishi ataulizwa ujumbe mfupi wa maneno kama 30, na Ich kann am Freitag leider nicht kommen, "kwa bahati mbaya Ijumaa siwezi kuja", itamtumikia mara nyingi.

Kijana wa posta hatafuti mtihani, anatafuta wageni. Juma lililopita aliniletea sentensi mpya ya kusema pale mlangoni, kwa kuwa wageni wanaotoka msikitini huanza kuinama wafungue kamba za viatu:

Hier können Sie die alte deutsche Post sehen, und Sie müssen die Schuhe nicht ausziehen.

Hapa mnaweza kuona posta ya zamani ya Wajerumani, na si lazima mvue viatu. Nilitafuta mahali pa kutia kalamu nyekundu, sikupaona.